Mwongozo Kamili: Kuwafikisha Wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi 6 kwenye Shairi Lenye Picha

Walimu wa Kiswahili wa hapa Nairobi hunijia na lalamiko moja. Wamefundisha vina, wamefundisha mizani, wanafunzi wamejibu vizuri kwa mdomo, kisha kazi inaletwa mezani na ubeti unasoma hivi:

Maji maji ni muhimu,
Maji yana umuhimu,
Tuyatunze wanadamu,
Maji ni uhai wetu.

Hesabu mizani: nane kila mshororo, bila kosa. Vina vya mishororo mitatu ya kwanza ni "mu", navyo viko sawa. Lakini funga macho uusikilize tena. Hakuna unachokiona. Huu nimeutunga mwenyewe kwa mfano wa mamia ya beti zinazojaa daftari zetu, na tatizo lake si uvivu wa mtoto. Mtoto alipewa umbo kabla ya kupewa kitu cha kuweka ndani yake, basi akatafuta maneno yanayoishia "mu" na kuyapanga.

Mwongozo huu unageuza mpangilio: picha kwanza, maneno baadaye, mizani na vina mwisho. Unachukua vipindi vinne vya dakika 35. Ukijaribu kuumaliza kwa viwili utarudi pale pale penye "maji ni muhimu".

## Vitu vya kuandaa

- Kitu halisi kimoja cha kushikwa mkononi. Katika mfano wa hapa ni mtungi mtupu wa lita 20, ule wa njano.
- Nusu karatasi mbili kwa kila mwanafunzi. Nusu inatosha, karatasi nzima humtisha mtoto akaanza kujaza nafasi.
- Vifuniko vya soda, vinane kwa kila wanafunzi wawili. Mwenye kioski jirani atakupa bure ukimwambia wiki moja kabla.
- Chati moja kubwa na kalamu nene ya wino.
- Penseli. Vifutio vikusanywe kwenye meza yako hadi mwisho wa kipindi cha tatu. Mstari uliofutwa hauwezi kurudiwa. Uliokatwa kwa mstari mmoja bado unasomeka, na mara nyingi ndio mtoto anaoishia kuurudia.

## Umbo la kutumia: ubeti wa utenzi

Wengi huanza na tarbia ya mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho. Kwa mtoto wa miaka kumi hayo ni mambo manne ya kushika kwa wakati mmoja, na linaloanguka kwanza huwa ni maana.

Utenzi una kipande kimoja tu. Ubeti una mishororo minne mifupi, na mizani iliyozoeleka ni nane kwa kila mshororo. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina chake, na kina hicho cha nne ndicho kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi shairi liishe. Kwa hiyo mwanafunzi akiwa na ubeti mmoja mzuri, darasa linaweza kuunganisha beti kumi na kupata shairi moja refu, mradi wote mmekubaliana kina cha mshororo wa nne. Faida hiyo huipati kwenye tarbia kirahisi.

## Hatua ya 1: Chagua kitu, si mada

"Maji" ni mada. "Foleni ya mitungi kwenye kioski ya maji, alfajiri ya siku ya mgao" ni kitu. Mada huzaa mawaidha. Kitu kina rangi, sauti na baridi.

Chagua kile ambacho watoto wa shule yako wamekigusa kwa mikono yao. Foleni ya mitungi itaeleweka mara moja Mathare, Kayole au Kawangware. Kwa watoto wa Embakasi inaweza kuwa ndege inayoteremka juu ya paa. Kwa wanaoishi karibu na Gikomba, bunda la mitumba likifunguliwa. Kama nusu ya darasa haijawahi kukiona, kiache. Mtoto asiyekijua ataazima picha kutoka kitabuni.

## Hatua ya 2: Kusanya picha (kipindi cha kwanza chote)

Weka mtungi mbele ya darasa. Usiandike neno "taswira" ubaoni bado, wala tashbihi, wala sitiari. Ukizitaja sasa, kila mtoto ataandika "mweupe kama theluji" na hakuna hata mmoja aliyeona theluji.

Uliza maswali matano, moja moja, na baada ya kila moja wape dakika tatu za kuandika kimya kwenye nusu karatasi ya kwanza. Ni vipande tu vinavyotakiwa, si sentensi kamili.

1. Unaona nini? Taja rangi, umbo, mahali palipovunjika.
2. Unasikia nini?
3. Ngozi yako inahisi nini: mikono, miguu, kichwa?
4. Pana harufu gani?
5. Kama kitu hiki kingekuwa mtu, kingekuwa kinafanya nini?

Swali la tano ndilo linaloleta tashihisi bila wewe kuitaja. Usiliruke, na usiliweke mwanzo. Linahitaji macho yaliyokwisha kuangalia.

Baada ya hapo kusanya majibu ubaoni. Darasa lililofanyia kazi foleni ya maji huleta mambo kama haya: mtungi wa njano uliofungwa kamba mpini ulipokatika. Mfuniko umepotea, mdomo umezibwa kwa karatasi ya nailoni. Mtungi mtupu ukigongwa unasema *du!* Patipati zimelowa, vidole vimekufa ganzi. Mama amekunja kitambaa akafanya kata ya kichwani. Mkokoteni umepita na mitungi mingi, kila mtu amenuna. Bomba linakohoa kabla ya kutoa maji.

Hilo la mwisho likitokea, simama. Waulize wanafunzi wengine: bomba hukohoa vipi? Watakuigizia, kicheko kitajaa darasa, na utakuwa umepata tashihisi na tanakali ya sauti kwa mkupuo mmoja. Sasa ndipo utaje majina ya mbinu hizo, kwa kuzionyesha kwenye maneno yao wenyewe.

Tahadhari. Maneno matatu hayapandi ubaoni: "nzuri", "muhimu" na "furaha". Mtoto akisema "foleni ilikuwa mbaya", usimkatae, mwulize, "Ulijuaje kuwa ni mbaya?" Jibu la pili ndilo unaloandika. Akisema "nilifika wa nne, na maji yakakatika kwa wa tatu", hapo ameshatoka kwenye maoni na kuingia kwenye picha.

Na Sheng? Iandike ubaoni kama ilivyosemwa. Mtoto anayeiita matatu "nganya" anaiona nganya. Ukimsahihisha wakati huu atanyamaza kipindi kizima. Kiswahili sanifu kitapatikana kwenye kipindi cha kusahihisha, na kina wakati wake.

Utajuaje umefaulu? Kila karatasi ina vipande visivyopungua vitano, na angalau kimoja hakijaandikwa na jirani. Ukikuta dawati zima lina orodha moja, walinakili. Wape swali la tatu upya na wajibu wakiwa wamefumba macho kwanza.

## Hatua ya 3: Chuja hadi nne

Kipindi cha pili kinaanza kwa kukata. Kila mwanafunzi azungushie vipande vinne tu anavyovitaka. Kigezo ni hiki: je, aliyelala nyumbani asubuhi ile angeweza kukisema? Kama ndiyo, kikatwe. "Watu walikuwa wengi" anaweza kulisema yeyote. "Mfuniko wa nailoni" anaujua aliyekuwepo.

Kisha vipangwe kwa mfuatano wa macho: kutoka mbali hadi karibu, au kutoka kabla hadi baada. Hili huchukua dakika kumi.

## Hatua ya 4: Rasimu bila kuhesabu

Kila kipande sasa kiwe mstari mmoja. Marufuku kuhesabu mizani. Marufuku kutafuta vina. Utaona vidole vikianza kugonga dawati kwa siri kwa sababu wamezoeshwa hivyo. Vizuie kwa upole.

Rasimu tutakayoifuata ni hii, nayo ni ya aina utakayoipata:

Mitungi imepangwa
Bado hakuna mwanga
Mama amejifunga kanga
Bomba linakohoa sana

Si shairi bado, lakini linganisha na ubeti wa "muhimu" pale juu. Hapa kuna mahali, kuna saa, kuna mtu na kuna sauti. Vyote hivyo vilikosekana kule, na hakuna mizani wala kina kilichoweza kuvileta.

Mwalimu, utatamani kuchukua penseli ya mtoto na kurekebisha. Usiiguse. Karatasi hii ikae usiku mmoja ndani ya daftari.

## Hatua ya 5: Pima mizani kwa vifuniko

Kipindi cha tatu ni cha wawili wawili. Mmoja anasoma mshororo polepole, mwenzake anasukuma kifuniko kimoja mbele kwa kila silabi. Vifuniko ni vinane. Vikibaki mezani, mshororo ni mfupi. Vikiisha kabla ya maneno, ni mrefu. Mtoto anaona kosa kwa macho, hahitaji kuambiwa. Kupiga makofi si kubaya, ila makofi hupotea hewani na watoto wawili hawatakubaliana walipiga mangapi.

Kabla hawajaanza, malizeni jambo linalokosewa kuliko yote: ile "m" ya mwanzo wa neno. Katika "mtungi" ni silabi yake: m-tu-ngi, tatu. Katika "mbuzi" si silabi: mbu-zi, mbili. Kipimo rahisi ni wingi. Mtungi huwa mitungi, mtoto huwa watoto: "m" imebadilika, basi inahesabiwa. Mbuzi hubaki mbuzi, mvua hubaki mvua: haikubadilika, haihesabiwi. Maneno mafupi sana kama "mbwa" na "mbu" yanatoka nje ya kipimo hiki. Humo "m" inahesabiwa ingawa wingi haubadiliki, kwa kuwa bila yake neno lingebaki na silabi moja. Vivyo hivyo "nne" na "nchi" ni mbili mbili. Na "mwanga" ni mwa-nga, mbili, kwa sababu "mw" imeungana na irabu.

Sasa rasimu yetu ikipitishwa kwenye vifuniko:

- Mi-tu-ngi-i-me-pa-ngwa: saba. Kimebaki kimoja.
- Ba-do-ha-ku-na-mwa-nga: saba. Kimebaki kimoja.
- Ma-ma-a-me-ji-fu-nga-ka-nga: tisa. Vimepungua.
- Bo-mba-li-na-ko-ho-a-sa-na: tisa. Vimepungua.

Hapa ndipo wanafunzi hujaza pengo kwa neno tupu: "mitungi imepangwa *sana*", "mitungi *ile* imepangwa". Wakataze. Kanuni ya darasa iwe hii: silabi inayoongezwa lazima ilete kitu, na inayotolewa isiondoke na picha.

Mshororo wa kwanza: "imepangwa" ikawa "imejipanga". Silabi nane. Na tazama kilichoongezeka: mitungi imejipanga yenyewe, kama kwamba ina akili na haraka zake.

Wa pili: "bado" ikatoka, "gizani" ikaingia. Nane, na giza sasa limetajwa.

Wa tatu: "amejifunga" ikafupishwa kuwa "kajifunga". Nane. Ushairi unaruhusu ufupisho wa namna hii, nao huitwa inkisari. Waambie ni ruhusa ya mshairi, haifai kwenye insha.

Wa nne: "sana" ilikuwa haifanyi kazi yoyote, ikatolewa. "Linakohoa" ikawa "lakohoa", na "bado" iliyotolewa juu ikapata kazi huku chini.

Mitungi imejipanga,
Gizani hakuna mwanga,
Mama kajifunga kanga,
Bomba bado lakohoa.

## Hatua ya 6: Vina, kutoka kwenye vilivyopo

Angalia kwamba vina vya ubeti huu havikutafutwa kwenye orodha. "Mwanga" na "kanga" vilikuwa tayari ndani ya rasimu, na "imepangwa" ilikuwa jirani yake. Hiyo ndiyo njia: mwanafunzi apigie mstari silabi ya mwisho ya kila mshororo, atafute miwili inayokubaliana tayari, kisha ahamishe maneno ya wa tatu mpaka neno lenye kina hicho lifike mwishoni. Karibu kila rasimu ya mistari minne huwa na jozi moja. Isipokuwepo, geuzeni mpangilio wa maneno kabla ya kubadilisha neno lenyewe.

Mfano wa ubeti wa pili, rasimu yake:

Maji yanakuja tone kwa tone
Wote tumerefusha shingo
Mtungi wangu ni wa nne
Patipati zimelowa

Jozi iko: "tone" na "nne", kina "ne". "Maji yanakuja tone kwa tone" ina silabi kumi na moja. "Maji yaja tone tone" ina nane na matone yanasikika yakidondoka. Mstari wa mtungi una tisa. Ukigeuzwa kuwa "wangu mtungi wa nne" unapata nane: wa-ngu-m-tu-ngi-wa-n-ne. Huu ni mstari mzuri wa kuwapima kama wameelewa "m" na "n". Uliobaki ni wa shingo. Shingo haiwezi kukaa mwishoni, basi ihamie mwanzoni, na mwishoni waseme wanazirefusha kwa nini: "shingo ndefu tuyaone".

Mshororo wa nne una mizani nane tayari, lakini ubeti wa kwanza uliishia "lakohoa". Kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, ni "a", si "wa". Wanafunzi watabisha kwamba vinasikika sawa, na kwa kweli vinakaribiana. Neno lina umbo la pili, "loa", na linatumika.

Maji yaja tone tone,
Shingo ndefu tuyaone,
Wangu mtungi wa nne,
Patipati zimeloa.

Mwalimu, ukikwama kwenye kina na muda unakwisha, acha kina kivunjike na picha ibaki. Mtoto anaweza kurudi kwenye kina kesho. Akitupa picha ili apate kina, hairudi.

Mwisho kabisa wa kipindi hiki ndipo rudisha vifutio na kusahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi: "mtungi yangu" iwe "mtungi wangu", "maji imekatika" iwe "maji yamekatika". Angalieni kwamba masahihisho hayabadilishi mizani. "Imekatika" ina tano, "yamekatika" ina tano. Maneno ya Sheng yaliyobaki yapate Kiswahili chake sasa. Hapo pia vifuniko vitahitajika, maana "jerikeni" ina silabi nne na "mtungi" ina tatu. Kisha nakala safi iandikwe kwenye nusu karatasi ya pili.

## Hatua ya 7: Kusomeana na kughani

Hiki ndicho kipindi cha nne. Kwenye darasa la wanafunzi hamsini au zaidi, usiwaite mmoja mmoja mbele. Baada ya wa nane hakuna anayesikiliza, na wa hamsini atasomea kengele.

Gawanya makundi ya watano. Kila mmoja asome ubeti wake mara mbili. Wanaosikiliza wafumbe macho, kisha kila mmoja amwambie msomaji jambo moja tu, akianza na "Niliona..." au "Nilisikia...". Hakuna "ni nzuri", hakuna makofi bado. Mshairi anaweka alama kwenye kila neno lililotajwa. Mshororo ambao hakuna aliyeutaja ndio dhaifu, na ana dakika tano za kuugusa.

Kisha kila kundi litoe ubeti mmoja, beti zipangwe kwenye chati, zote zikiishia kina kile kile. Ghanini pamoja: mtunzi anaghani mishororo mitatu, darasa zima linapokea wa nne. Tafuta mahadhi mepesi na uyashike kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kughani kutafichua kosa la mizani lililopita kwenye vifuniko, kwa sababu mshororo wenye tisa utawafanya wote wakimbie, na wenye saba utawaacha wakivuta irabu.

Mtoto asiyetaka kusoma kwa sauti amchague rafiki amsomee. Jina la mtunzi litajwe vilevile. Yapo mambo ya nyumbani yanayojitokeza kwenye foleni ya maji ambayo mtoto huyaandika kwa urahisi na kuona aibu kuyatamka. Soma kimya kwanza kila ubeti unaopanda kwenye chati, na umwulize mwenyewe kama uende.

Kipimo cha kipindi hiki ni swali moja kwa darasa la jirani, baada ya kusikia shairi lote: ni saa ngapi katika shairi hili, na nani yupo? Wakijibu "alfajiri" na "mama", picha zimefika. Wakijibu "linahusu umuhimu wa maji", rudi hatua ya 3 na beti zilizowapa jibu hilo.

## Lini kuhamia tarbia

Wape vitu viwili au vitatu vingine kwa utenzi kwanza. Mwanafunzi akianza kuleta rasimu ambayo mishororo yake inakaribia nane bila vifuniko, yuko tayari. Njia rahisi ya kuingia ni kuchukua mishororo miwili ya utenzi wake mwenyewe na kuiweka ubavuni kwa ubavuni, mmoja ukwapi na mwingine utao:

Gizani hakuna mwanga, bomba bado lakohoa,

Tayari ana nane kwa nane, kina cha kati "nga" na cha mwisho "a". Amebakiwa na mishororo mitatu ya kutunga, na picha za kuitungia ziko kwenye ile nusu karatasi ya kwanza aliyoizungushia vipande vinne akaviacha vingine.